Rehema alifika au hakufika? Nilivyojifunza kuandika hadithi ya -ngali-

Mwanafunzi wangu mmoja wa Kiswahili, mtu mzima mwenye bidii, alisoma sentensi hii kwa sauti bila kukwama: "Angaliondoka mapema, angalifika." Matamshi yalikuwa safi. Nikamuuliza, "Je, alifika?" Akajibu kwa uhakika, "Ndiyo, alifika."

Niliwageukia wenzake. Wawili wakakubaliana naye, mmoja akasema labda, waliobaki wakainama kwenye madaftari. Hawa hawakuwa wanaoanza. Walikuwa wameshazoea -li-, -na-, -ta- na -me-, wanaweza kusimulia siku yao nzima, na -ki- walikuwa nayo tangu muhula uliopita. Maana ya kila neno katika ile sentensi waliijua. Kilichowapita ni jambo moja tu: mtu anayesema "angalifika" anakuambia kwamba hakufika. Habari yenyewe haijatamkwa popote, imebebwa na silabi mbili katikati ya kitenzi.

Nilikuwa nimewafundisha -ngali- kwa jedwali. Ningalisoma, ungalisoma, angalisoma, mpaka wangalisoma, kisha ukanushi wake. Walilijaza jedwali vizuri. Lakini jedwali halimuulizi mtu kama jambo lilitokea au halikutokea, na swali hilo ndilo kazi nzima ya kiambishi hiki. Nikaamua kuwaandikia hadithi fupi ambamo umbo hilo lingejirudia mara nyingi kiasi cha kuzoeleka, na ambamo msomaji asiyelielewa angepotea njia mwenyewe na kugundua kuwa amepotea.

Hadithi ya kwanza niliyoandika haikufaa. Ilimhusu mtu anayekaa peke yake akiwaza maisha yake: angalisoma zaidi, angalipata kazi nzuri, angalijenga, angalisafiri. Karibu kila sentensi ilikuwa na -ngali-, na nilidhani wingi huo ndio utakaowafundisha. Walisoma hadi mwisho, kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa kilitokea nini?" Nilipoiangalia tena niliona hakuna kilichotokea. Mtu yule hakuwa na tukio lolote nyuma yake, kwa hiyo msomaji hakuwa na kitu cha kulinganisha na yale majuto. "Angalijenga" inaeleweka pale tu unapojua, au unapoweza kukisia, kwamba hana nyumba. Tukio likikosekana, -ngali- hugeuka kuwa pambo la kitenzi, na mwanafunzi hujifunza kuiruka.

Tangu hapo nina utaratibu ambao sijauacha: tukio kwanza kwa -li-, majuto baadaye kwa -ngali-. Na majuto yasemwe na watu wawili wanaolaumiana, maana mtu mmoja akijutia peke yake umbo linajirudia kwa kulazimishwa, lakini wawili wakitupiana lawama linajirudia lenyewe. Kila lawama inazaa lawama. Hilo nililiona mlangoni kwangu, siku mimi na dada yangu tulipofungiwa nje ya nyumba. Tulibishana karibu saa nzima, na nilipotulia jioni nikatambua kwamba nusu ya yale tuliyoambiana yalikuwa masharti ya jambo lililokwisha kupita. Nikabadilisha watu, nikapunguza maneno, nikaongeza bibi jirani, ikawa hadithi hii. Naiweka kama ninavyowapa wanafunzi.

Mlango

Asubuhi ile Rehema alichelewa kuamka. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi saa nne. Alivaa haraka, akachukua mkoba, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Mlango ukajifunga. Hapo ndipo alipokumbuka: vyeti vyake viko mezani, na ufunguo uko juu ya vyeti.

Kaka yake, Idi, alikuwa ametoka tangu alfajiri. Rehema alimpigia simu. Simu ilikuwa imezimika. Alikaa kwenye ngazi akasubiri. Saa tatu na nusu Idi alitokea, akitembea polepole.

"Kaka, nimekupigia mara kumi!"

"Simu imeisha chaji. Kuna nini?"

"Nimejifungia nje, na vyeti viko ndani. Ungalichaji simu jana usiku, ningalikupata mapema."

Idi alipapasa mifuko yake. "Hata ungalinipata, nisingalikuwa na ufunguo. Wangu pia uko ndani, kwenye koti."

"Ungalikuwa nao, ningaliingia sasa hivi!"

"Na wewe ungaliamka mapema, usingalitoka mbio. Usingalitoka mbio, usingaliusahau ufunguo wako."

"Ningaliamka mapema kama usingaliwasha redio mpaka usiku wa manane."

"Ungaliniambia niizime, ningaliizima."

Wakanyamaza wote wawili.

Bibi jirani alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake. Aliacha ufagio akawasogelea. "Wajukuu zangu, mbona mmekaa nje?" Rehema alimweleza. Bibi akauliza, "Na mlango wa nyuma?"

"Umefungwa, Bibi. Kaka huufunga kila usiku."

Idi alitazama chini. Bibi akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi akicheka. "Uko wazi! Mngalizunguka tu, mngaliingia zamani."

Rehema alimgeukia kaka yake. "Jana usiku hukuufunga?"

"Nilisahau," Idi alisema. "Lakini nisingalisahau, usingalikuwa wazi. Usingalikuwa wazi, usingalipata vyeti vyako leo."

Rehema hakumjibu. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akachukua vyeti na ufunguo, akatoka. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

"Ukikimbia, mjukuu wangu, utawahi," Bibi alimwambia.

Rehema alikimbia.

Tunavyoisoma

Katika hadithi hii -ngali- inaonekana mara 20, katika jozi 10. Siwaambii wanafunzi idadi hiyo mapema. Usomaji wa kwanza ni wa kufuata habari tu, bila kalamu. Katika usomaji wa pili nawapa karatasi yenye safu mbili: upande wa kushoto wanaandika kilichosemwa, upande wa kulia kilichotokea kweli. Upande wa kulia hairuhusiwi kuandika -ngali- hata moja. Lazima watumie -li- au ukanushi wake, -ku-.

Tuchukue jozi ya kwanza. Kilichosemwa: "Ungalichaji simu, ningalikupata." Kilichotokea: Idi hakuchaji simu, Rehema hakumpata. Vitenzi viwili vya kukubali upande wa kushoto vimekuwa viwili vya kukana upande wa kulia. Sasa jozi ya tano: "Usingalitoka mbio, usingaliusahau ufunguo." Kilichotokea: Rehema alitoka mbio, aliusahau ufunguo. Hapa mambo yamepinduka kinyume chake. Kikanushi -si- kilichomo kwenye kitenzi ndicho kinachotuambia kwamba jambo lilifanyika. Kwa mwanafunzi aliyezoea kwamba -si- maana yake ni "hapana", hili ndilo linalomsumbua kuliko yote, na nimeona halikai kichwani mpaka aligeuze kwa mkono wake mwenyewe mara tano au sita. Kwa sababu hiyo nilimpa Idi ile sentensi ya kujitetea mwishoni: "Nisingalisahau, usingalikuwa wazi." Pande zote mbili zina -si-, na yote mawili yalitokea kweli: alisahau, na mlango ulikuwa wazi.

Jozi ya nne imechanganya. "Ungaliamka mapema, usingalitoka mbio." Hakuamka mapema, alitoka mbio. Kila kitenzi kinapinduliwa peke yake bila kumtazama mwenzake. Mwanafunzi anayejaribu kuipindua sentensi nzima kwa mara moja hukwama hapa. Anayechukua kitenzi kimoja kimoja hupita.

Upinduaji huu una mpaka wake, na mpaka huo niliuweka katika jozi ya pili kwa makusudi. "Hata ungalinipata, nisingalikuwa na ufunguo." Mwaka mmoja mwanafunzi hodari aliandika upande wa kulia: "Rehema hakumpata, Idi alikuwa na ufunguo." Alikuwa amefuata kanuni niliyompa kwa uaminifu, na kanuni ikamwangusha. Neno "hata" linabadilisha mambo. Linasema kwamba sharti halina nguvu yoyote juu ya matokeo: ampate asimpate, ufunguo hana. Kwa hiyo sehemu ya kwanza inapinduka kama kawaida, yaani hakumpata, lakini sehemu ya pili inabaki ilivyo: hakuwa na ufunguo. Siku hizi nawaambia wakiona "hata" au "hata kama" mbele ya -ngali-, wasimame, warudi kwenye hadithi wakaulize ufunguo ulikuwa wapi. Idi mwenyewe anasema katika sentensi inayofuata: uko ndani, kwenye koti. Ndiyo faida ya kuwa na tukio nyuma ya umbo. Kanuni ikishindwa, hadithi inajibu.

Vitu vidogo vinavyokwamisha

Wengi hutafuta neno "kama" ili wajue hapa pana sharti. Katika jozi 10, "kama" iko mara moja tu, pale Rehema anapolalamikia redio, na niliiweka hapo kwa sababu sehemu zimebadilishana nafasi: matokeo yametangulia, sharti limefuata. Zinapokaa kwa mpangilio wa kawaida, sharti kwanza, kiambishi chenyewe kinatosha, na koma au pumzi inaonyesha mpaka. Matokeo yakitangulia, "kama" humsaidia msikilizaji asipotee. Kinachobaki palepale ni kwamba kiambishi hukaa kwenye vitenzi vyote viwili. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza inatofautisha sehemu ya sharti na sehemu ya matokeo ataandika "Kama uliamka mapema, usingalitoka mbio", akidhani "kama" imemaliza kazi ya sharti. Haijamaliza. "Kama uliamka mapema" huacha wazi uwezekano kwamba aliamka mapema kweli, na sisi tunajua hakuamka.

Kuna pia silabi u-. Idi anasema "usingalikuwa wazi" na papo hapo "usingalipata vyeti vyako". U- ya kwanza ni ya mlango, kwa kuwa mlango uko katika ngeli ya U-I. U- ya pili ni ya Rehema, nafsi ya pili. Umbo ni lilelile, nafasi ni ileile, na kitu pekee kinachotenganisha ni akili ya msomaji anayejua nani anaweza kuwa wazi na nani anaweza kupata vyeti. Nilipata mwanafunzi aliyeandika kwamba Rehema "alikuwa wazi", akaeleza kwamba alidhani maana yake ni mtu msema kweli. Hakuwa mbali sana, kwa kuwa mtu anaweza kuwa muwazi, ila hapo kinachozungumziwa ni mlango. Sikuiondoa sentensi hiyo. Kiswahili chenyewe hakiondoi utata huu, na ni afadhali wakutane nao kwenye hadithi ambayo mlango umetajwa tangu kichwa chake.

Halafu kuna -ku-. Kwa nini "ungalikuwa nao" na "nisingalikuwa", lakini "ningalikupata"? Katika mbili za kwanza, -ku- ni ile ya kitenzi "kuwa", ambacho mzizi wake ni silabi moja, -wa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na -ngali- haipendi kubeba mkazo. Tungesema "ungaliwa", mkazo ungeangukia -li-, kwa hiyo -ku- inabaki iubebe. Ndivyo ilivyo pia kwa "ningalikula" na "angalikuja". Lakini -ki- inaweza kubeba mkazo, basi tunasema "nikila" na "akija" bila -ku-. Katika "ningalikupata", -ku- ni kitu kingine kabisa: ni wewe, Idi, unayepatwa. Njia rahisi ya kujua ni kuitoa. Ukiitoa kwenye "ningalikupata" unabaki na "ningalipata", neno zima lenye maana yake. Ukiitoa kwenye "ungalikuwa" unabaki na neno lililovunjika. Hapo kwenye ubao huwa natumia muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sijutii, kwa sababu kosa la -ku- ndilo linalosikika haraka zaidi mwanafunzi anapozungumza.

Kuna mtego mwingine ambao haumo katika hadithi, lakini wataukuta mara watakapofungua kitabu kingine. "Angali mgonjwa" maana yake ni kwamba bado ni mgonjwa. "Wangali wamelala", bado wamelala. Herufi ni zilezile, ila hapa hakuna sharti na hakuna majuto. Angalia kinachofuata: -ngali- ya masharti hufuatwa na mzizi wa kitenzi ndani ya neno hilohilo, kama katika angalifika. -ngali ya "bado" huishia hapo, neno jipya linaanza: angali anafika. Pengo moja la nafasi kwenye karatasi linabadilisha kila kitu, na kwenye usikilizaji pengo hilo hulioni, unabaki na mkazo na maana. Mara ya kwanza nawaonyesha tu, nawaacha waende nalo.

Kuhusu -nge-

Hapa natakiwa kusema ukweli kuhusu ugomvi wangu na dada yangu. Sisi hatukusema "ungalichaji". Tulisema "ungechaji simu ningekupata", kama wengi tunavyosema kila siku. Katika mazungumzo ya kawaida -nge- imechukua kazi ya zote mbili, ya jambo linalowazwa sasa na ya jambo lililokwisha kupita, na anayetaka kuonyesha wazi kwamba ni la zamani husema "ungekuwa umechaji simu, ningekupata". Wapo pia wanaosema -ngeli-, "ungelichaji", kwa maana ileile ya -ngali-. Mwanafunzi atayasikia yote haya siku moja sokoni, kazini au redioni, na hakuna hata moja linalostahili kuitwa ujinga.

Kwa nini basi niliandika -ngali-? Kwa sababu katika hatua ya kati mwanafunzi anahitaji kuona milango mitatu ikiwa na rangi tatu tofauti. Sentensi ya Bibi inanisaidia. "Ukikimbia, utawahi": mlango uko wazi, muda upo, kazi kwako. "Ungekimbia, ungewahi": ninakutazama umekaa, sioni dalili kwamba utakimbia, nakuwazia tu. "Ungalikimbia, ungaliwahi": saa nne imepita, kazi imekwenda kwa mwingine. Nawasomesha sentensi hizo tatu kwa sauti na kuwauliza kila mara saa ngapi ukutani. Kwa -ki- wanasema saa nne haijafika. Kwa -nge- wanasitasita, nami nafurahi wanaposita, kwa sababu -nge- yenyewe haitaji saa. Kwa -ngali- wanasema imepita. Mtu akishaziona tofauti hizo tatu, akienda mtaani akasikia -nge- ikifanya kazi ya jirani yake atajua kinachofanyika. Akianza na mchanganyiko, nimeona anabaki akibahatisha.

Ila kitu kimoja nawasahihishia wanapoandika: kuanza na moja na kumaliza na nyingine, "ungalichaji simu, ningekupata". Wanaichanganya kwa kutojua, na mkono uliozoea jozi huandika jozi. Uchaguzi uwe wao, lakini wachague mara moja kwa sentensi nzima.

Vilevile kwa ukanushi. Hadithi inasema "usingalitoka". Watakutana na "hungalitoka", na kwa -nge- watasikia "hungetoka" mara nyingi kama "usingetoka". Nilichagua -si- peke yake katika hadithi nzima kwa kuwa inakaa mahali pamoja kwa nafsi zote, baada ya kiambishi nafsi: nisi-, usi-, asi-, tusi-, msi-, wasi-. Ukiingiza na hu- na ha- katika ukurasa uleule, anayesoma anaanza kutafuta tofauti ya maana ambayo haipo.

Maswali

Maswali ya ufahamu niliyokuwa nikiuliza zamani yalikuwa ya aina ya "Rehema alisahau nini?" Yalijibika bila kugusa -ngali-, kwa sababu jibu liko kwenye sentensi za -li-. Sasa naacha maswali matatu tu ambayo jibu lake limejificha ndani ya -ngali- pekee. Je, jana usiku redio ilizimwa mapema? Je, Rehema alimwomba Idi azime redio? Je, walijaribu mlango wa nyuma kabla ya Bibi kuja? Hakuna sentensi ya -li- inayojibu hata moja. La pili ndilo ninalolipenda. Katika hadithi Rehema anailaumu redio, na msomaji asiye makini anafikiri aliwahi kulalamika. Lakini Idi anasema "ungaliniambia niizime", na Rehema hana la kujibu. Hakumwambia. Ule ukimya unaofuata, "wakanyamaza wote wawili", hauna maana kwa mtu aliyekosa kuipindua ile sentensi.

Swali la nne huulizwa na wao wenyewe: Rehema aliwahi usaili? Wanarudi kwenye hadithi kutafuta, na hawapati. Bibi ametumia -ki-, na -ki- haisemi kilichotokea. Saa nne kasoro dakika kumi, alikimbia, basi. Darasa moja lilibishana mpaka muda ukaisha, wengine wakipima dakika, wengine wakiuliza ofisi iko umbali gani. Nikawaambia wakaandike mwisho wao nyumbani, sentensi tano.

Walioamini kwamba aliwahi walileta sentensi za -li- na -ka-: alifika, akaketi, akaitwa. Hawakuhitaji zaidi ya hizo. Walioamini kwamba hakuwahi walijikuta wakihitaji -ngali- bila mimi kuitaja. Miongoni mwao alikuwa yule mwanafunzi wa "Ndiyo, alifika". Alikuwa ameandika: "Rehema hakuwahi. Bibi angaliuliza mapema, Rehema angaliwahi."

Nikamuuliza, "Bibi aliuliza mapema?"

"Hapana," alisema. "Alikuwa anafagia."